Uyoga wa kwenye ndoo: anza na pipa, banda litafuata

Wengi wanaoniuliza habari za kilimo cha uyoga huku Unguja wanaanza na banda, liwe kubwa kiasi gani, la makuti au la bati, mie nawarudisha kwenye pipa la kuchemshia, maana uyoga ukikukatalia mara nyingi kisa kiko kwenye majani na wala si kwenye banda. Nazungumzia uyoga mamama, ndo unaofaa kwa anayeanza.

Chukua majani ya mpunga makavu, yale yanayobaki Cheju watu wakishavuna, lakini yawe ya msimu huu na yasiwe yamenyeshewa. Ukiyaona meusi au yananuka uvundo yaache, ukungu ushatangulia humo. Katakata vipande vya sentimita 3 mpaka 5, kilo 10 zinaingia kwenye pipa la lita 200, ushindilie kidogo na uweke jiwe juu yasielee, yaloweke usiku kucha, asubuhi uwashe kuni.

Sasa hapa ndo penye kazi. Maji yafike nyuzi joto 65 mpaka 80, ukae nayo hivohivo saa moja mpaka mbili, kuni unazivuta na kuzirudisha, usiyaache yakatokota. Wanafunzi wa skuli kila nikiwaonesha wananiuliza, mbona tusichemshe sana tuue vijidudu vyote? Swali zuri hilo. Kwenye majani kuna bakteria wanaohimili joto, hao wakibaki hai wanakalia nafasi na ukungu unakosa pa kuanzia, na wao uyoga hawaudhuru. Ukiua kila kitu umeacha chakula kitupu mezani, wa kwanza kufika ndo anakula, na ukungu wa kijani una mbio kuliko uyoga. Wapo wanaotokosa kabisa na wakapata, sikatai, ila wana sehemu safi sana ya kupandia, wewe utakuwa unapandia ukumbini.

Ukichanganya pumba hesabu inabadilika, chakula kimezidi utamu na joto hilo halitoshi, itabidi uue vyote kwa mvuke wa presha wa nyuzi 121, kama wanavofanya wanaotengeneza mbegu kwenye punje za mtama. Ndo maana nasema pumba waachie wenye mtambo.

Yakishaiva mwaga maji, tandaza majani kwenye meza ulofuta kwa spiriti au turubai safi, yapoe mpaka ukiweka mkono husikii joto, kwani mbegu ukiiweka kwenye moto inakufa. Halafu kamua ngumi moja kwa nguvu: yakitoka matone mawili matatu ni sawa, yakichuruzika subiri tena, maji yakituama hewa haipiti na chini kutanuka uchachu.

Kilo 10 kavu zinakuwa kama kilo 30 mbichi, kwa hizo tia mbegu kilo moja au moja na nusu. Iangalie kabla hujailipia, iwe nyeupe imeshikana, yenye doa la kijani au maji ya njano chini mrudishie mwenyewe. Ndoo za lita 20 ulizotoboa pembeni matundu kama 10 ya sentimita moja, na kimoja au viwili chini vya kutolea maji, unapanga tabaka la majani, tabaka la mbegu, mpaka juu, unafunika.

Weka gizani wiki mbili tatu mpaka utando mweupe utambae pote. Ndani ya ndoo kunakuwa na joto kuliko chumbani, kwa hiyo kipindi cha kaskazi usizibebanishe, na muulize muuzaji mbegu inayostahimili joto, ile ya pinki inafaa sana kwetu.

Ukishakuwa mweupe hamishia penye mwanga wa kutosha kusoma gazeti ila jua lisiupige, mwagia maji sakafuni na kwenye magunia ya ukutani mara mbili tatu kwa siku, unyevu uwe asilimia 80 mpaka 90, na madirisha ya wavu yaachie hewa. Uyoga wenyewe unakwambia: mashina marefu na vikofia vidogo maana yake hewa nzito, fungua, na kingo zikikauka na kupasuka ongeza maji. Ukiona kijani kwenye ndoo moja itoe nje mara moja, usiifungulie humo ndani.

Vuna kabla ukingo wa kofia haujapinda kwenda juu, zungusha fungu zima litoke na shina lake, usibakishe kipande kikaoza tunduni. Pumzisha wiki moja mpaka mbili, utarudi, mara tatu hivi. Kwa pipa hilo moja tegemea kilo 5 mpaka 8 kwa jumla, kwa hiyo bei ya mbegu na kuni igawe kwa 5 kwanza ndo upange bei ya kuuzia, na usiuoshe, peleka sokoni siku hiyohiyo kwenye kikapu kinachopitisha hewa.