Maswali yenu ya saccos: mkopo unaong'aa kwenye ripoti na umeoza

*Niko kamati ya usimamizi, saccos yetu ni ya watu wa mwalo wa Kirumba. Meneja anasema mtu akikwama rejesho moja la laki 5, kilicho hatarini ni laki 5 tu. Ni sawa?*

Hapana. Laki 5 ndo malimbikizo, lakini kilicho hatarini ni salio lote la mkopo, kama bado anadaiwa milioni 4 andika milioni 4. Na siku zihesabiwe toka rejesho la zamani zaidi ambalo halijalipwa, sio toka siku mtu alipoleta hela mara ya mwisho, maana kuna wajanja wanaleta elfu 20 kila mwezi waonekane hai.

*Mikopo chechefu yetu ilishuka ghafla Novemba, wote tukafurahi, ila mimi nina wasiwasi. Nianzie wapi?*

Anza na mikopo iliyofungwa na kufunguliwa siku ileile kwa mtu yuleyule. Tuseme mtu alichukua milioni 6 ya injini ya boti, miezi 12, akalipa hadi Aprili, rejesho la 31 Mei likampita na hakulipa tena. Salio 4,000,000, riba iliyolala 400,000. Tarehe 20 Novemba anapewa "mkopo mpya" wa 4,400,000, wa zamani unafungwa, rejesho la kwanza Januari. Ripoti ya 31 Desemba inamwonyesha siku 0 wakati kiukweli ana siku 214! Sasa shika vocha ya mkopo huo uende nayo kwenye taarifa ya benki, kama hakuna hata shilingi iliyotoka wala kuingia tarehe hiyo basi ni karatasi imelipa karatasi. Mrudishe kwenye siku zake za zamani za kuchelewa.

*Hiyo inagusaje ziada yetu?*

Inagusa sana. Tuchukue sera yenu inatenga kwa ajili ya hasara 1% kwa mkopo usiochelewa na 100% ukichelewa zaidi ya siku 180. Meneja alitenga 44,000, ilitakiwa 4,000,000, ile riba ya laki 4 nayo aliiandika mapato na haikuingia, iondoe. Ziada inashuka 4,356,000 kwa mkopo mmoja tu, ndo maana hawapendi kuguswa kabla ya mkutano mkuu. Akikwambia ana akiba kama dhamana, angalia kwanza haijamdhamini na mtu mwingine.

*Wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani mwezi ukiwa mkali, si tuwaonee huruma kwenye siku?*

Huruma iwekwe kwenye mkataba kabla hela haijatoka, pangeni tarehe za marejesho zifuate giza. Tarehe ikishasainiwa mkaguzi anaifuata hiyohiyo. Na tengo la 100% sio msamaha jamani, mdaini mpaka alipe.