"Aliondoka" au "alikuwa ameondoka"?

*Mwalimu, mhariri amenirudishia hadithi akisema matukio yamevurugika. Nilifundishwa kwamba tukio lililotangulia lazima liandikwe kwa "alikuwa ame-", na nimefanya hivyo. Mfano: "Mama alikuwa ameamka, alikuwa amewasha jiko, alikuwa amebandika chai, halafu baba aligonga mlango." Kosa liko wapi?*

Kosa ni la huyo aliyekufundisha. Miswada ya namna hii naipokea kila mara, na chanzo ni kilekile: kanuni ya mstari mmoja iliyookotwa kwenye semina ya siku moja.

"Alikuwa ame-" haiwekwi kwa sababu tu tukio lilitangulia. Huwekwa pale msimulizi aliyekwisha kusonga mbele anapogeuka nyuma. Wewe hujageuka popote: mama anaamka, anawasha, anabandika, baba anagonga. Ukisimulia kwa mfuatano wake, -li- hufungua na -ka- hukokota yanayofuata: "Mama aliamka, akawasha jiko, akabandika chai. Mara baba akagonga mlango."

Sasa anzia mlangoni. "Baba aligonga mlango. Mama alikuwa ameshabandika chai." Hapo umbo hilo lina kazi. Liondoe uone: "Baba aligonga mlango. Mama alibandika chai." Chai imekuwa ya kumpokea baba! Hicho ndicho kipimo changu: badilisha umbo, kisha tazama kama mpangilio wa matukio umegeuka. Usipogeuka, "alikuwa ame-" ni mzigo tu.

Hata ukirudi nyuma kwa sentensi kadhaa, moja ya kufungulia yatosha: "Baba aligonga mlango. Mama alikuwa ameamka alfajiri, akawasha jiko, akabandika chai. Aliposikia hodi, alijifuta mikono." Hiyo -ka- inabaki kulekule nyuma, mpaka "aliposikia hodi" imrudishe msomaji mlangoni. Na ukitumia kitenzi "kukuta", huhitaji hata hiyo moja. "Baba alikuta chai imeiva" inajitosheleza. "Alikuta chai ilikuwa imeiva" inaburuta miguu.

Wanaouza kanuni hizi za mkato hawakuambii kwamba vitenzi havifanani. Kwa kulala, kukaa, kusimama na kuvaa, "alikuwa ame-" kwa kawaida huonyesha hali iliyokuwa ikiendelea wakati ule. "Mama alikuwa amelala" maana yake baba anagonga na mama yumo usingizini. Niliwahi kusoma muswada ambamo mzee "alikuwa amekaa, alikuwa amesimama, alikuwa amevaa koti" kabla wageni hawajaingia. Mwandishi alitaka mzee akae, ainuke, avae. Mimi nilimwona mzee mmoja amekaa na kusimama kwa wakati mmoja, koti mwilini, akiwasubiri wageni.