MACD 3.10 dhidi ya 0.60: ipi ina nguvu zaidi?

Swali: *Nafuatilia hisa mbili pale NSE, moja iko karibu shilingi 20 na nyingine karibu shilingi 200. MACD ya ile ya bei ndogo inasoma 0.60, ya bei kubwa inasoma 3.10. Nikadhani ile kubwa ndiyo inayopanda kwa nguvu, lakini rafiki yangu akasema nitumie PPO. Kwani tofauti ni ipi, ikiwa zote zinatumia 12, 26 na 9?*

Jibu: Rafiki yako yuko sahihi, na katika mfano wako jibu linageuka kabisa: hisa ya shilingi 20 ndiyo yenye kasi kubwa, karibu mara mbili ya mwenzake.

MACD ni kutoa tu. Unachukua EMA ya siku 12, yaani wastani unaozipa bei za karibuni uzito zaidi, unatoa ya siku 26, na kinachobaki ni shilingi. Tuseme hisa ndogo ina EMA12 ya 20.60 na EMA26 ya 20.00. Tofauti ni senti 60. Hisa kubwa ina EMA12 ya 203.10 na EMA26 ya 200.00, tofauti ni shilingi 3.10. Hizo shilingi tatu ni kitu kidogo kwenye hisa ya mia mbili, ilhali senti sitini kwenye hisa ya ishirini si haba. PPO inaongeza hatua moja: tofauti ile ile inagawanywa kwa EMA26, kisha inazidishwa kwa 100. Hisa ndogo inapata 0.60 ÷ 20 = asilimia 3.00. Hisa kubwa inapata 3.10 ÷ 200 = asilimia 1.55.

Ukitaka kujihakikishia kuwa ukubwa wa bei umeondoka kweli, zidisha bei zote za hisa moja kwa 10. Kila EMA itakua mara 10, na MACD nayo itakua mara 10, ingawa hakuna kilichobadilika sokoni. PPO itabaki pale pale, kwa sababu ile 10 ipo juu na chini ya mgawanyo, inajifuta. Kwa sababu hiyo hiyo unaweza kuweka hisa ya Dar es Salaam kando ya hisa ya Nairobi bila kubadilisha sarafu kwanza, mradi unajua kila moja inasomwa kwa fedha ya soko lake.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba tatizo hili lipo hata ndani ya hisa moja. Safaricom ilivuka shilingi 40 mwaka 2021, kisha mwaka 2023 ikashuka chini ya 15. Chukua MACD ya 0.70 katika vipindi hivyo viwili. EMA26 ikiwa 42, PPO ni asilimia 1.67, ikiwa 14, PPO ni asilimia 5. Kwenye chati ya MACD vilele hivyo viwili vina urefu sawa, na mtu anaweza kuapa kuwa nguvu ya soko ilikuwa ile ile. Ukisoma chati ya miezi miwili mitatu ambayo bei haijasogea sana, MACD haitakudanganya. Ukirudi nyuma miaka, iache.

Kuna hesabu moja ndogo inayosaidia kuelewa namba hizi. EMA ya siku N hubaki nyuma ya bei inayopanda sawasawa kwa siku (N − 1) ÷ 2. Kwa 26 ni siku 12.5, kwa 12 ni siku 5.5, tofauti ni siku 7. Kwa hiyo mwendo ukiwa umetulia, MACD ni takriban mara 7 ya shilingi zinazoongezeka kwa siku, na PPO ni takriban mara 7 ya asilimia inayoongezeka kwa siku. PPO ya 3.00 inakuambia bei imekuwa ikipanda kama asilimia 0.43 kwa siku. (Kasi ikiwa kubwa makadirio hupungua kidogo: asilimia 0.5 kwa siku hutoa PPO ya karibu 3.4 badala ya 3.5.)

Sasa fikiria bei inayopanda senti 10 kila siku bila kubadilika. MACD inasimama kwenye 0.70, mstari wa ishara, yaani EMA ya siku 9 ya MACD yenyewe, unailalia, na histogramu, ambayo ni tofauti kati ya hivyo viwili, inakuwa sifuri. PPO haisimami: EMA26 inapotoka 20 kwenda 21, yenyewe inashuka kutoka 3.50 hadi 3.33 na inakaa chini ya mstari wake wa ishara, kwa kuwa senti 10 juu ya bei kubwa ni ukuaji mdogo zaidi. Geuza mfano: bei inakua kwa asilimia ile ile kila siku. Hapo PPO ndiyo inayosimama, na MACD inaendelea kuweka vilele vipya ingawa kasi haijaongezeka hata chembe. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja nzito zaidi ya kutumia PPO unapotafuta mahali ambapo bei na kiashiria vimeachana.

Kwa hiyo usishangae viashiria hivi viwili vikikata mistari ya ishara siku tofauti. Kwa kawaida ni tofauti ya siku moja hivi, na hutokea mistari inapokuwa imekaribiana sana.

PPO haiondoi kila tofauti, hata hivyo. Inaondoa ukubwa wa bei, haiondoi tabia ya kutikisika. Asilimia 2 kwa bitikoini ni jambo la kila mara. Kwa dola dhidi ya shilingi ya Kenya ni mtikisiko mkubwa. Kabla hujapanga orodha ya hisa kwa PPO, angalia namba ya leo iko wapi ukilinganisha na PPO za hisa hiyo hiyo katika siku 250 zilizopita za biashara. Vilevile, kama hisa iligawanywa na bei za zamani hazijarekebishwa, viashiria vyote viwili vitaharibika pamoja. Na kwa kitu ambacho bei yake inaweza kugusa sifuri au kwenda chini yake, kama tofauti ya bei za mikataba miwili ya mafuta, PPO haina maana. Baki na MACD.

Kosa la kawaida zaidi liko kwenye mipangilio. PPO ya maktaba ya TA-Lib hutumia wastani wa kawaida usipoiambia vingine (`matype=0`). EMA ni `matype=1`. Ukikokotoa mwenyewe kwa pandas, `bei` ikiwa Series ya bei za kufunga, inatosha hivi:

```python
e12 = bei.ewm(span=12, adjust=False).mean()
e26 = bei.ewm(span=26, adjust=False).mean()
ppo = 100 * (e12 - e26) / e26
ishara = ppo.ewm(span=9, adjust=False).mean()
```

Anza na angalau bei 100 za kufunga kabla ya siku unayotaka kuisoma, maana baada ya siku 26 tu bei ya kwanza bado ina uzito wa karibu asilimia 13.5 ndani ya EMA26. Kisha weka MACD na PPO kwenye chati moja, moja chini ya nyingine, utazame zinapovuka sifuri. Lazima zivuke siku ile ile, kwa sababu alama ya jibu, chanya au hasi, inatoka kwenye kutoa kule kule, na kugawanya kwa bei iliyo juu ya sifuri hakuibadilishi. Zikivuka siku tofauti, moja kati yake inatumia wastani wa aina nyingine au idadi nyingine ya siku.