Ruti ya kirikuu Manzese na Sinza: anza na dakika za mlangoni

Ukianza kusambaza mzigo wa dukani Dar, kishawishi ni kufungua ramani na kuunganisha wateja kwa ukaribu. Mimi natoka Kariakoo na kirikuu, nashusha Manzese kisha Sinza, na kilomita ndizo huniumiza kichwa kidogo kuliko vyote.

Chukua maduka 14. Kutoka moja hadi jingine weka dakika 4; mara 13, ni dakika 52. Ila kwa kila duka unatumia kama dakika 9: kutafuta pa kuegesha, kumngoja mwenye duka amalizane na mteja, kuhesabu katoni, kusubiri meseji ya malipo iingie. Jumla 126. Utingo akiwa anashusha hapa, mpigie anayefuata aandae hela na nafasi ya kuweka mzigo. Zikipungua dakika 3 kila duka, umepata 42. Chochoro gani ya Shekilango itakupa hizo?

Halafu kuna Morogoro Road. Katikati zimekaa njia za mwendokasi, hugeuzi gari unapotaka. Duka linaloonekana liko mkabala lihesabu kuwa liko mtaa mwingine: maliza upande mmoja kwanza. Mzigo ukiwa mwepesi, pale Manzese utingo anapanda daraja la waenda kwa miguu na katoni begani, anashusha ng'ambo, anarudi. Gari halijasogea.

Kwa wateja wenye saa maalumu, hesabu kurudi nyuma. Tuseme kantini ya shule inapokea mwisho saa 4:00 asubuhi, na duka lako la kwanza unalifikia saa 2:30. Kila duka pamoja na mwendo wa kwenda linalofuata ni dakika 13. Kantini ikiwa ya tano, unafika 3:22, una dakika 38 za akiba. Ikiwa ya saba, ni 3:48. Lori moja likiziba njia ya ndani, umeikosa. Ya tisa ndiyo usijisumbue. Akiba ikishuka chini ya nusu saa mimi kantini naiwahisha kwenye ruti, hata kama ramani itaonekana ya kichaa. Duka la Mangi anayefungua hadi usiku linaweza kusubiri.

Mvua kubwa ikifunga Morogoro Road pale Jangwani, naingilia Ali Hassan Mwinyi Road hadi Bamaga, naanza Sinza. Kantini naipigia mapema kuomba siku nyingine. Lakini amua hivyo kabla ya kupakia. Katoni za mteja wa mwisho ndizo huingia kwanza, zikakaa ndani kabisa. Ukigeuza ruti mkiwa barabarani, mtashusha nusu ya gari kando ya mtaro ili kufikia katoni mbili za sabuni, na zile dakika 9 zitakuwa 20.