Namna ya kumwandikia mhariri asahihishe jina lililokosewa gazetini

Miaka niliyofanya kazi kwenye dawati la uhariri, barua za watu waliokosewa majina zilikuwa haziishi. Nyingi zilikuwa na haki kabisa, lakini zilikawia kufanyiwa kazi. Mwandishi alieleza kwa urefu jinsi alivyoumia, ila hakusema ni habari ipi, ya tarehe gani, ukurasa gani, na jina sahihi ni lipi. Mhariri wa zamu ana saa chache kabla ya gazeti kwenda mitamboni. Barua inayomlazimu atafute kwanza inawekwa pembeni hadi kesho, na kesho ina habari zake.

Nieleze kisa kimoja nilichokishughulikia mwenyewe, majina nimeyabadili. Hamadi na Hamidi ni ndugu, na majina yao ya baba na babu ni yaleyale. Hamidi alifikishwa mahakamani kwa shitaka la wizi. Hamadi ni mwalimu. Gazeti likaandika habari ya kesi hiyo na kumtaja mshitakiwa kuwa ni Hamadi, kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho. Asubuhi yake mwalimu akaingia darasani, na wanafunzi wameshasoma.

Barua yake ya kwanza ilikuwa kali na ndefu, na juu ya bahasha aliandika “Barua za Wasomaji”. Basi ikapelekwa kwa anayeandaa ukurasa wa maoni, ambaye kazi yake ni kuchagua barua za kuchapisha, wala si kusahihisha habari. Hilo peke yake liliichelewesha. Barua ya marekebisho ielekezwe kwa mhariri mkuu au mhariri wa habari, na juu yake pawepo neno “Marekebisho” pamoja na maneno “si kwa kuchapishwa kama maoni”.

Ndani ya bahasha aliweka nakala ya kitambulisho chake. Wengi hufanya hivyo, na inaeleweka, lakini tazama kitambulisho kinathibitisha nini: kwamba yeye anaitwa Hamadi. Hakithibitishi kwamba aliyesimama kizimbani si Hamadi. Mhariri hawezi kuchapisha marekebisho kwa neno la msomaji peke yake, kwa kuwa wapo pia wanaotaka jina lao liondolewe kwenye habari iliyo ya kweli. Atamwita mwandishi wa habari, ataomba kuona daftari lake, kisha atataka kulinganisha na hati ya mashtaka. Kwa hiyo ushahidi wa maana hapa ulikuwa hati yenyewe, au angalau namba ya kesi na jina la mahakama, ili mhariri aweze kuhakikisha mwenyewe. Kwenye habari za aina nyingine ni vivyo hivyo: kama jina limekosewa kwenye orodha ya washindi, tafuta orodha iliyotolewa na waandaaji.

Hati hiyo ina faida nyingine. Inaonyesha kosa lilianzia wapi. Kama hati ya mashtaka yenyewe imeandikwa Hamadi, gazeti limeripoti kilichosomwa mahakamani, na mahali pa kuanzia ni mahakama. Hati ikishasahihishwa, unaliomba gazeti lichapishe ufafanuzi, na mhariri ataukubali kwa wepesi zaidi kuliko kulazimishwa kukiri kosa ambalo si lake. Katika kisa hiki hati ilikuwa sahihi. Mwandishi ndiye aliyesikia vibaya.

Nilimpigia mwalimu simu nikamwomba aandike upya. Barua iliyofanya kazi ilikuwa na umbo hili:

“Ndugu Mhariri,

YAH: MAREKEBISHO YA JINA LA MSHITAKIWA

Katika toleo lenu la (tarehe), ukurasa wa (namba), chini ya kichwa cha habari (kiandikwe kama kilivyochapwa), mlimtaja mshitakiwa wa kesi namba (namba) kuwa ni Hamadi. Jina lililo kwenye hati ya mashtaka ni Hamidi. Nakala ya hati na ya ukurasa wenu nimeambatanisha.

Mimi ndiye Hamadi. Ni mwalimu, na sihusiki na kesi hiyo. Naomba mchapishe marekebisho haya katika toleo lijalo na kuyaweka pia kwenye tovuti yenu:

‘Katika habari yetu ya (tarehe) tulimtaja kimakosa Hamadi, mwalimu, kuwa mshitakiwa katika kesi ya wizi. Mshitakiwa ni Hamidi. Hamadi hahusiki na kesi hiyo. Tunaomba radhi.’

Napatikana kwa simu (namba).”

Hayo maneno ya marekebisho yaliyoandikwa tayari ndiyo moyo wa barua. Usipoyaandika wewe, mtu mwenye haraka atayaandika, na mara nyingi yatatoka hivi: “Jina sahihi la mshitakiwa ni Hamidi na si Hamadi.” Ni kweli, lakini haimsafishi mtu. Msomaji anaweza kudhani ni mshitakiwa yuleyule ambaye jina lake lilikosewa tahajia. Kinachohitajika ni sentensi inayosema wazi kwamba Hamadi ni mtu mwingine na hahusiki.

Neno “mwalimu” nalo lina kazi yake. Uingereza iliwahi kuwa na kesi mashuhuri, Newstead dhidi ya London Express, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1939. Gazeti liliandika kwamba Harold Newstead wa Camberwell amepatikana na hatia ya kuoa mke wa pili huku ndoa ya kwanza ikiwa hai. Ilikuwa kweli, ila Camberwell ilikuwa na Harold Newstead mwingine, kinyozi, mwenye umri unaokaribiana na wa yule wa kwanza, naye akashitaki. Kazi na anwani ndivyo vinavyotenganisha watu wenye jina moja, kwa hiyo viombe viwemo kwenye marekebisho. Taja kazi, na mtaa ukipenda, lakini usiombe zaidi ya kile uko tayari kila mtu akijue.

Sasa tovuti. Gazeti la karatasi likishauzwa halirudi, lakini habari ya mtandaoni inasomwa kila siku, kwa hiyo usisubiri barua ifike: piga simu au tuma barua pepe siku hiyohiyo. Omba jina libadilishwe kwenye kichwa cha habari, ndani ya habari na kwenye maelezo ya picha, kisha chini pawekwe mstari unaosema habari imesahihishwa lini na kwa nini. Angalia pia kiungo chenyewe, maana mara nyingi huundwa kutokana na kichwa cha kwanza cha habari na hubaki na jina lilelile hata baada ya kichwa kubadilishwa. Google inaweza kuendelea kuonyesha maneno ya zamani kwa muda. Ukurasa ukishasahihishwa, mtu yeyote anaweza kuwaomba wausome upya, kwa fomu yao ya maudhui yaliyopitwa na wakati. Tovuti nyingine zilizonakili habari hiyo lazima uziandikie moja moja, ukiambatanisha marekebisho yaliyochapishwa.

Tunza nakala ya kila barua pamoja na tarehe uliyoituma, na ukiipeleka kwa mkono omba igongwe muhuri wa kupokelewa. Mabaraza ya habari katika nchi nyingi, kabla ya kusikiliza lalamiko, hutaka kuona kwamba ulimwandikia mhariri kwanza. Gazeti likinyamaza au likikataa, nakala hizo ndizo utakazoanza nazo mbele ya baraza.