Umenunua vipande kwa wastani wa shilingi ngapi?

Mwalimu mmoja ninayefahamiana naye hapa Mtwara alitaka kutoa hela zake zote kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Kwa miezi 5 alikuwa akiweka shilingi 50,000 kila mshahara unapotoka, na bei za kipande, yaani sehemu moja ya mfuko, alizonunulia alikuwa ameziandika kwenye daftari: 500, 400, 250, 400, kisha 500 tena. (Bei nimezisawazisha na kuzitanua kidogo ili hesabu ionekane. Mifuko mingi haipandi na kushuka kwa ukali huo.) Mwezi wa 6 akakuta kipande kimeuzwa 395. Akajumlisha zile bei tano, akagawa kwa 5, akapata 410. "Kaka, nimenunua kwa 410, leo ni 395. Si hasara hiyo?"

Nikamwambia afungue taarifa ya akaunti yake, asitazame bei, atazame vipande. Mwezi wa kwanza 50,000 ilimpa vipande 100. Wa pili, kwa bei ya 400, vipande 125. Mwezi ambao bei ilianguka hadi 250 akapata 200. Kisha 125, kisha 100. Jumla vipande 650. Pesa yote aliyoweka ni 250,000. Gawa 250,000 kwa 650, unapata shilingi 384 na senti 62 hivi. Hiyo ndiyo bei yake ya wastani. Kwa bei ya 395, vipande vyake vilikuwa na thamani ya shilingi 256,750. Alikuwa juu kwa 6,750, na alitaka kutoka akidhani yuko chini.

Hizo bei tano ukizijumlisha na kuzigawa kwa tano unakuwa umeipa kila bei uzito sawa, kana kwamba kila mwezi ulinunua vipande vilevile. Yeye hakufanya hivyo. Dereva wa bodaboda anayesema kila siku "weka ya elfu tano" anajua kwamba lita hazilingani. Petroli ikishuka tangi linapata zaidi bila yeye kubadili neno. Kwa mwalimu wetu, mwezi wa bei ya 250 peke yake umebeba vipande 200 kati ya 650, karibu theluthi ya mali yote. Bei hiyo ya chini ndiyo inayovuta wastani wake kushuka. Miezi ya 500 imebeba vipande mia mia tu.

Angeamua kununua vipande 130 kila mwezi badala ya kuweka pesa ileile, angefikia vipande 650 vilevile, ila angelipa shilingi 266,500. Hapo wastani wake ungekuwa kweli 410. Tofauti ya 16,500 haikutokana na ujanja wa kubashiri soko. Imetokana na kiasi kutobadilika. Na kanuni hii haina ubaguzi: ukiweka pesa sawa, na bei zikawa zinatofautiana, wastani wako utakuwa chini ya wastani wa kawaida wa bei hizo.

Hapo ndipo watu wengi hushangilia mapema. Wastani kuwa chini ya 410 haimaanishi kwamba umepata faida. Chukua bei zilezile tano uzipange upya: 500, 500, 400, 400, 250. Vipande ni 650, pesa ni 250,000, wastani ni uleule 384 na senti 62. Lakini sasa bei ya mwisho ni 250, na mali yako ina thamani ya shilingi 162,500. Umepungukiwa 87,500. Wastani haujali bei zimekuja kwa mpangilio gani. Faida inajali sana. Kwa hiyo kila ukiukokotoa, uweke kando ya bei ya leo, usiulinganishe na kitu kingine.

Jambo la pili ni kwamba nafuu hii inategemea bei kuyumba, na mifuko mingine haiyumbi. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao wengi huku kwetu ndio wanaanzia, bei yake huwa inapanda polepole. Tuseme bei ni 400, 404, 408, 412 na 416. Wastani wa kawaida ni 408. Ukiweka 50,000 kila mwezi, wastani wako ni 407 na senti 92. Umeokoa senti 8 kwa kipande! Mfuko wa Umoja, ambao ndani yake kuna hisa pia, una nafasi zaidi ya kupanda na kushuka, ingawa hata huo haufiki kwenye mfano wa mwalimu.

Nalisema hili kwa sababu ya korosho. Kila msimu, malipo ya mnada yakishaingia, kuna mkulima wa Newala au Tandahimba atakayeniuliza kama azigawe hela zake aweke kidogo kidogo kila mwezi "ili apate wastani mzuri". Kwenye mfuko unaopanda bila kuyumba, jibu langu ni hapana. Mwenye 250,000 mkononi akiziweka zote siku bei ni 400 anapata vipande 625. Akizigawa kwa miezi 5 kama hapo juu anaishia na vipande 612 na kitu. Amepoteza karibu vipande 12, na kwa mwenye milioni 5 mkononi idadi hiyo ni mara ishirini. Mwalimu anaweka kila mwezi kwa sababu mshahara unakuja kila mwezi. Mkulima hana sababu hiyo. Kwenye hisa hali ni nyingine: bei inaweza kuanguka wiki moja baada ya kununua, na kugawa kunapunguza maumivu hayo, ingawa ikipanda moja kwa moja utakuwa umenunua ghali.

Sehemu ya mwisho inayovuruga daftari ni kutoa pesa katikati. Mwalimu akiuza vipande 200 kwa 395, anapokea 79,000. Wengi huitoa hiyo 79,000 kwenye 250,000, wanabaki na 171,000, wanagawa kwa vipande 450 na kupata 380. Wanafurahi kwamba wastani umeshuka, wakati hawajanunua kitu. Kilichotokea ni kwamba faida ya vile 200 imefichwa ndani ya vile vilivyobaki. Ondoa gharama ya vipande ulivyouza, yaani 200 mara 384.62, na wastani wa vilivyobaki utakaa palepale. Makato ya kutuma kwa simu nayo yaingize kwenye jumla ya pesa uliyoweka. Tuseme ni 1,000 kila mwezi: wastani wa mwalimu unapanda hadi 392, na ile faida ya 6,750 inabaki 1,750.

Hakutoa. Mwezi wa 6 aliweka 50,000 yake kwa bei ya 395, akapata vipande 126 na nusu hivi, na wastani ukasogea kutoka 384.62 hadi 386.31. Akaniuliza mbona umepanda kidogo hivyo. Kwa sababu vipande vya nyuma sasa ni vingi, na kila mwezi mpya utakuwa na nguvu ndogo zaidi ya kuusogeza.