Swali la lugha: sauti za mbira zinapishana, zinaingiliana au zinapokezana?

Swali: "Mtaalamu habari, naandika insha ya uchambuzi kuhusu mbira dzavadzimu za Zimbabwe, zile ala za vyuma vya kupigwa kwa vidole, watu wawili wakipiga pamoja kila mmoja na yake. Nimeandika kwamba sauti zao 'zinaingiliana' na kwamba mbira moja 'imetuniwa vibaya kidogo ukilinganisha na piano', msimamizi wangu kazungushia vyote viwili kalamu nyekundu. Niandikeje? Na je niite mbira, marimba au kalimba?"

Nzuri ndugu yangu, na msimamizi wako kaona mbali. Tuanze na hilo la kwanza maana ndo lenye kazi kubwa.

"Kuingiliana" ni neno pana mno. Ratiba zinaingiliana, mipaka inaingiliana, mambo yanaingiliana, yaani msomaji anajua tu kwamba vitu viwili vimegusana, hajui vimegusana vipi, na mara nyingi anahisi kuna mgongano. "Kupokezana" nalo halifai hapa, kwa sababu anayepokezana anasubiri mwenzie amalize ndo aanze, kama kiongozi na kiitikio kwenye wimbo. Wapiga mbira wawili hawasubiriani, wote wanapiga muda wote, ila vidole vya mmoja vinatua kwenye mwanya wa mwenzie. Kwa hiyo mi nakushauri utumie "kupishana" ukiwa unaeleza mapigo yenyewe yanavyokaa, na "kusukana" ukiwa unaeleza kile kinachotokea mapigo yakishapishana, yaani mstari mmoja uliotengenezwa na mikono ya watu wawili. Ukiyatenganisha hayo mawili nusu ya insha yako imeshakaa sawa.

Lakini kabla hujafika huko weka wazi vipimo vyako. Kiswahili cha kila siku kinachanganya "pigo" na "mdundo", kwenye uchambuzi usivichanganye. Sema mwanzoni kabisa kwamba pigo ni ile hatua ndogo kuliko zote, na mdundo ni pale mguu unapotua, pale hosho (zile njuga za kibuyu zinazoenda na mbira) inapokaza. Vibao vingi vya mbira dzavadzimu vinazunguka kwa mapigo 48, yanagawanyika vifungu 4 vya mapigo 12, na kila kifungu kina midundo 4 ya mapigo matatu matatu. Usiposema hivyo alafu ukaandika "anaingia pigo la pili" hakuna atakayejua unamaanisha nini.

Sasa wapigaji wenyewe. Sehemu ya kwanza Washona wanaiita kushaura, ya pili kutsinhira, na maneno hayo yaache yalivyo, usiyabadilishe kuwa "solo" na "bekingi" kwa sababu kutsinhira sio ya kusindikiza tu, mara nyingi ndo imebeba besi nzito. Kwenye baadhi ya vibao kutsinhira inaweza kuwa ni kitu kile kile cha kushaura ila kinaanza pigo moja baadaye. Hapo watu wengi huandika "mpigaji wa pili anachelewa pigo moja", nami nakuomba usiandike hivyo. Kuchelewa kwa Kiswahili kuna lawama ndani yake, anayechelewa kakosea. Andika "anaanza pigo moja baada ya mwenzake". Ni refu kidogo ila halimsingizii mtu kosa.

Nikupe mfano niliotunga mwenyewe, sio kibao cha kweli, ni vidole vya kulia tu ndani ya kifungu kimoja cha mapigo 12. Namba ni sauti za skeli, kistari ni ukimya:

```
Pigo:       1 2 3 4 5 6 7 8 9 10 11 12
Kushaura:   5 - 3 - 5 - 2 - 5 -  3  -
Kutsinhira: - 5 - 3 - 5 - 2 - 5  -  3
```

Ukiangalia mstari wa kushaura peke yake ni wa kawaida kabisa, sauti moja kila baada ya pigo moja la ukimya, na kutsinhira ni hivyo hivyo. Zikipigwa pamoja hakuna ukimya tena, masikio yanapata 5 5 3 3 5 5 2 2 5 5 3 3, na hapo ndo utamu unapoanza kwa sababu sikio halifuati vidole vya mtu, linafuata kimo cha sauti. Linazikusanya zile 5 za juu upande wake, linazikusanya 3 na 2 za chini upande wake. Zile za juu zinakuja mbili mbili kwenye pigo la 1 na 2, la 5 na 6, la 9 na 10, yaani kila baada ya mapigo manne unaanza upya, wakati midundo inatua kwenye 1, 4, 7 na 10, kila baada ya mapigo matatu. Kwa hiyo ndani ya kifungu kimoja una makundi matatu juu ya midundo minne, na hakuna hata mmoja kati ya wale wawili anayepiga hayo makundi matatu! Kushaura anapiga 5 moja tu kila kundi, nyingine ni ya mwenzie.

Mtafiti wa muziki wa Afrika Gerhard Kubik aliliandikia jambo hili mwaka 1962, kwamba kwenye muziki wa ala wa Afrika Mashariki na ya Kati kuna mistari inayosikika ambayo hakuna mpigaji aliyeipiga kama ilivyo. Na hapa ndo Kiswahili kinakupa kitu ambacho ungehangaika sana kukieleza kwa lugha nyingine, kiambishi cha -ika. "Inapigwa" ni habari ya vidole, ina mtendaji nyuma yake, msomaji anaweza kukuuliza inapigwa na nani. "Inasikika" haina mtendaji, ni habari ya kinacholifikia sikio. Kwa hiyo jiwekee sharti insha nzima: kila unapotumia -pigwa uwe unaweza kuonyesha kidole cha nani na chuma kipi, ukishindwa, kitenzi chako ni -sikika. Mfano mzuri wa sentensi ni huu: "Sauti ya 5 inapigwa na kila mmoja mara tatu katika kifungu, lakini inasikika ikija mbili mbili, na jozi hizo zinapishana na midundo ya hosho kwa uwiano wa tatu kwa nne." Mbaya ni hii: "Wapigaji wanapiga midundo mitatu juu ya minne." Hawapigi hivyo, na msimamizi akisikiliza kushaura peke yake hataipata.

Tuje kwenye tuni. "Imetuniwa vibaya" imekuponza kwa sababu umechukua piano kuwa rula ya kila kitu. Mbira dzavadzimu ina sauti saba ndani ya oktavu, ila umbali kati ya sauti na sauti haulazimiki kuwa toni nzima au nusu toni, na mtengenezaji mmoja hapangi sawasawa na mwingine, kila mmoja ana sikio lake na wapigaji wanalitambua. Kuna tuni inaitwa nyamaropa, watu husema inafanana na skeli ya meja yenye sauti ya saba iliyoshushwa, na kama fununu ya kuanzia sio mbaya, ila usiandike "ni sawa na", andika "inakaribia". Kuna gandanga pia, wengine wanaiita mavembe, inakaa tofauti kabisa, na mpigaji anaweza kupiga kibao kile kile kwa vidole vile vile kwenye tuni zote mbili na bado kikatambulika. Hilo peke yake linatosha kukufanya utenganishe maneno: "tuni" ni mpangilio wenyewe, "kutuni" ni kazi ya kusogeza au kusugua chuma mpaka kifike mahali pake (ukikivuta nje kikawa kirefu sauti inashuka, ukikirudisha ndani inapanda), na "kutoka kwenye tuni" ni pale chuma kilipohama na mwenye mbira mwenyewe hakitaki hivyo. Neno hilo la mwisho ruksa kulitumia tu kama una ushahidi kwamba mwenyewe hataki, kwa mfano anasimama kupiga anakirudisha.

Kwa vipimo tumia senti, oktavu nzima ni senti 1200, nusu toni ya piano ni 100. Tuseme umepima chuma kimoja ukapata Hz 220 na kinachofuata Hz 243. Apu ya simu itakwambia cha pili ni B iliyoshuka senti 28, na wewe usiinakili hiyo hata kidogo kwa sababu "iliyoshuka" ni hukumu ya piano. Andika "umbali kati ya sauti hizi mbili ni senti 172", basi, msomaji mwenyewe ataona ni pungufu ya toni nzima na ni zaidi ya nusu toni. Ukipima bana machachara, vile vizibo vya soda au magamba yanayotoa mtetemo, maana yanaisumbua sana apu, na kwenye vyuma vya besi angalia isije ikawa imeshika sauti ya juu iliyojificha badala ya yenyewe. Pima pia oktavu zote, usipime moja ukadhani nyingine ni nakala yake, zingine zinatanuliwa makusudi.

Na usiiache sura ya tuni ikae peke yake mbali na ile ya kusukana, kwa sababu zinahitajiana. Rudi kwenye mfano wetu: zile 5 5 zinasikika jozi moja kwa kuwa mbira zote mbili zina 5 ile ile. Chukua mbira mbili za tuni tofauti, 5 ya mmoja iwe juu ya mwenzie kwa senti 40 hivi, basi jozi inaanza kuachana, sikio linawatambua watu wawili badala ya mstari mmoja na makundi yale matatu yanafifia. Ndo maana mbira za kupigwa pamoja zinatuniwa pamoja. Kwenye insha sema hivyo hivyo: "tuni ya pamoja ndiyo inayofanya mapigo yaliyopishana yasikike kama yaliyosukana."

Jina: andika mbira dzavadzimu mara ya kwanza, baadaye mbira inatosha. Kalimba kwa wasomaji wengi wa leo ni ile ndogo ya dukani, na marimba wengine wataelewa ni ile ya mbao inayopigwa kwa vijiti, kwa hiyo ukiandika hivyo utawapoteza mapema. Na yale machachara usiyaite kelele, andika mtetemo.